Waliochagua C

Mhadhara kwa walimu na wazazi, Mkokotoni, Kaskazini Unguja

 

Nimekuja na swali moja la hesabu, na kwa muda wote tutakaokaa hapa sitatoka mbali nalo. Ni swali la kuchagua, la aina ambayo watoto wetu wanaijua tangu madarasa ya chini. Linasema: kati ya namba hizi, ipi ni kubwa kuliko zote? A ni 0.6, B ni 0.45, C ni 0.375, D ni 0.08. Jibu ni A. Sehemu sita za kumi ni zaidi ya nusu, na zile nyingine tatu hazifiki nusu.

Sasa tulitie darasani. Ninaweka ubaoni darasa la mfano lenye watoto 50. Namba hizi nimezitunga mwenyewe ili tufanye hesabu pamoja, hazikutoka katika skuli yoyote. Watoto 24 wamechagua A. Watatu wamechagua B, 21 wamechagua C, mmoja D, na mmoja ameacha wazi. Mwalimu aliyechoka, mwenye rundo la karatasi na taa inayokaribia kuzimika, ataandika kwamba nusu ya darasa imepata, nusu imekosa, kisha atageuza karatasi. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingi. Nilikuwa nahesabu alama za vema na alama za kosa, na kosa kwangu lilikuwa kitu kimoja tu: ni pale ambapo hakuna jibu.

Lakini tazameni tena ubao. Watoto 26 hawakutawanyika. Kama kila mtoto angekuwa amefumba macho na kuweka kidole popote, kila chaguo lingepata kama watoto 12 au 13, na mara chache sana chaguo moja lingepanda hadi 21 kwa bahati tu. D, ambayo nayo ni kosa, imepata mmoja. C imepata 21. Watoto hawa hawakukaa pamoja kupanga, na wengine wamekaa pembe tofauti za darasa. Kuna kitu kimewavuta wote upande mmoja, na kazi ya leo ni kukitafuta kitu hicho.

Wanaotunga mitihani wana majina ya sehemu za swali kama hili. Maelezo ya juu huitwa shina. Machaguo yasiyo sahihi huitwa vipotoshi, na kuhesabu nani amevutwa na kipotoshi kipi, kisha kuuliza kwa nini, ndiko kuchambua vipotoshi. Neno lenyewe halinifurahishi sana, maana linamfanya mtungaji aonekane kama mtu aliyekaa njiani kuwapoteza wapita njia. Kipotoshi kizuri hakimpotezi mtoto. Kinamkuta tayari yuko kwenye njia yake, na kinatuonesha njia hiyo inaelekea wapi.

Nitoe mfano wa kweli, wenye namba za kweli, kutoka mbali kidogo. Marekani wana tathmini ya taifa ya elimu, na katika awamu ya mwaka wa masomo 1977 hadi 1978 waliwapa vijana wa miaka 13 swali hili: kadiria jumla ya kumi na mbili juu ya kumi na tatu, na saba juu ya nane. Hawakutakiwa kutafuta jibu kamili, walitakiwa kukadiria tu. Kila moja ya sehemu hizo inakaribia nzima moja, kwa hiyo jumla inakaribia 2. Machaguo yalikuwa 1, 2, 19, 21, na la mwisho ni kwamba sijui. Waliochagua 2 walikuwa asilimia 24. Waliochagua 1 walikuwa asilimia 7. Waliochagua 19 walikuwa asilimia 28, na waliochagua 21 asilimia 27.

Mtu akisikia kwamba robo tu ndio waliopata, anaweza kusema vijana hawa hawajui sehemu. Akitazama vipotoshi anaona zaidi. 19 ni 12 ukijumlisha na 7, yaani namba za juu. 21 ni 13 ukijumlisha na 8, yaani namba za chini. Zaidi ya nusu ya vijana waliona namba nne pale, wakachukua mbili na kuzijumlisha, na kujumlisha kwenyewe walikufanya bila kosa. Kilichokosekana ni kuiona sehemu kama namba moja yenye ukubwa wake. Kwao, kumi na mbili juu ya kumi na tatu ni namba mbili zilizopandana. Mwalimu akijua hilo hataanza kwa kuwapa mazoezi 40 ya kujumlisha. Ataanza kwa kuwauliza: hii kumi na mbili juu ya kumi na tatu, ni kubwa kama kitu gani?

Kwetu Tanzania kazi hii inafanywa pia. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kwa maswali ya kuchagua taarifa hizo huweka jedwali dogo lenye idadi na asilimia ya waliochagua kila herufi, na jibu sahihi huwekewa alama ya nyota. Walimu wa sekondari mliopo hapa mnazifahamu, kwa sababu vijana wetu wa kidato cha nne wa Zanzibar hufanya mtihani wa Baraza hilo. Ninawasihi mzisome, na mkizisoma msianze na penye nyota. Anzeni na kipotoshi chenye asilimia kubwa kuliko vyenzake. Ila jedwali la taifa linatuambia wangapi, halituambii ni nani. Halimjui mtoto wako wa safu ya pili, wala haliwezi kukwambia kama yule aliyechagua C katika swali la tano ndiye aliyechagua C tena katika swali la tisa. Hilo anaweza kulijua mwalimu peke yake, kwa karatasi zilizo mbele yake.

Turudi kwenye C yetu. Kwa nini 0.375?

Jibu ambalo wengi wetu hulitoa ni kwamba mtoto amesoma mia tatu sabini na tano, akaona ni kubwa kuliko arubaini na tano, na kubwa kuliko sita. Ni kweli. Mtoto huyu ana kanuni, nayo inasema kwamba yenye tarakimu nyingi baada ya nukta ndiyo kubwa. Watafiti wamekuta kanuni hii kwa watoto wa nchi nyingi na lugha nyingi. Lakini kusema kwamba mtoto ana kanuni ni nusu ya kazi. Kanuni haiishi kichwani mwa mtoto bila kulishwa. Lazima kuna mahali inapompa jibu sahihi, siku baada ya siku, ndiyo maana anaiamini.

Mimi mahali hapo nilipaona hapa pwani. Ilikuwa wakati wa bamvu, maji yamekauka mbali, na watu wamerudi na pweza. Mnunuzi alikuwa na mizani ya umeme, ile yenye kioo kinachowaka namba. Pweza wa kwanza alisoma 1.250. Mtoto aliyesimama kando na mama yake akasema bila kusita, kilo moja na mia mbili hamsini. Wa pili alisoma 0.875, na mtoto akasema mia nane sabini na tano. Wa tatu alikuwa wa kilo moja na nusu, na kioo kikaandika 1.500. Nikasimama pale nikiitazama ile sufuri ya mwisho na ya kabla yake. Mizani ile haiandiki 1.5 kamwe. Huandika tarakimu tatu baada ya nukta kila wakati, kwa sababu imepangwa kusoma hadi gramu. Na tarakimu zikiwa tatu kila wakati, kanuni ya mtoto haikosei hata siku moja. 875 ni zaidi ya 375, na pweza wa 0.875 kweli ni mzito kuliko wa 0.375. Kwenye mizani, kinachofuata nukta ni gramu, na gramu ni namba nzima.

Kisha tutazame fedha yetu. Sisi katika manunuzi ya kila siku hatuna senti. Hakuna mtoto wa Mkokotoni aliyetumwa dukani na shilingi mia mbili nukta sita. Alama pekee anayoiona ndani ya bei ni mkato wa elfu, na 1,250 ya shilingi inafanana mno na 1.250 ya kilo. Kwa hiyo nukta yenye tarakimu moja, au mbili, au nne baada yake, mtoto huyu anakutana nayo kwa mara ya kwanza darasani. Hapo ndipo mizani inapomwacha, na yeye hajui kwamba imemwacha.

Ndiyo maana nasema 21 waliochagua C si watoto wasiojua kitu. Wamejifunza jambo la kweli mahali pa kweli, wakalipeleka mahali ambapo halifanyi kazi. Mwalimu akiandika kando ya karatasi kwamba mtoto hajui desimali, amepoteza habari yote hiyo.

Sasa naomba tuwageukie wale 24 waliopata. Kwa kawaida waliopata hatuwaulizi kitu. Tunawapigia makofi na kuendelea. Lakini nina sababu ya kuwatilia shaka, nayo inatokana na hatua ya pili ya uchambuzi.

Hatua hiyo ni kuwapanga watoto kwa alama za mtihani mzima, kisha kutazama waliofanya vizuri kwa jumla walichagua nini katika swali hili, na waliofanya vibaya walichagua nini. Mwaka 1939 Truman Kelley wa Marekani aliandika kwamba kundi la juu na kundi la chini linafaa liwe asilimia 27 ya watahiniwa kila upande, na hadi leo wachambuzi wengi hufuata kipimo hicho. Darasa letu ni dogo, basi tuchukue theluthi, watoto 16 wa juu na 16 wa chini. Katika darasa langu la mfano, wa juu 9 walichagua A na 7 walichagua C. Wa chini 8 walichagua A, 6 walichagua C, mmoja B, na mmoja aliacha wazi. Tisa na nane. Watoto walioshika nafasi za juu katika mtihani mzima hawakuwazidi wenzao katika swali hili ila kwa mtoto mmoja.

Swali likiwa hivyo kuna mambo matatu ya kutazama, na la kwanza ni la aibu lakini lazima liangaliwe: huenda ufunguo wa majibu una kosa. Dalili yake ni wanafunzi bora kukusanyika kwenye kipotoshi kimoja kwa wingi kuliko kwenye jibu. Hapa ufunguo uko sawa, nimeukagua. La pili, huenda swali lina majibu mawili yanayokubalika. Hapa hakuna. La tatu ndilo gumu kuliona, nalo ni kwamba jibu sahihi linaweza kufikiwa kwa njia isiyo sahihi.

Tazameni tena: 0.6, 0.45, 0.375, 0.08. Namba kubwa kuliko zote ndiyo hiyo hiyo fupi kuliko zote. Sasa mfikirieni mtoto mwenye kanuni iliyo kinyume kabisa na ya mizani, anayeamini kwamba yenye tarakimu chache ndiyo kubwa. Ameitoa wapi? Ameitoa kwetu sisi walimu. Tumemfundisha sehemu kabla ya desimali, tukamwambia, na ni kweli, kwamba moja ya kumi ni kubwa kuliko moja ya mia, na moja ya mia ni kubwa kuliko moja ya elfu. Mkate uliokatwa vipande elfu, kila kipande ni chembe. Mtoto akakaa na hilo, na akiona tarakimu tatu baada ya nukta anasema hizo ni elfu, elfu ni chembe, basi namba hii ni ndogo. Akiulizwa swali letu atachagua A, atawekewa alama ya vema, na kanuni yake itakuwa imepigiwa muhuri na mwalimu.

Mwaka 1989 Lauren Resnick, Pearla Nesher na wenzao walichapisha utafiti wa watoto wa Marekani, Israeli na Ufaransa juu ya makosa haya haya. Kanuni ya kwanza, ya kusoma kama namba nzima, waliikuta katika nchi zote tatu. Kanuni ya pili, ya sehemu, ilikuwa adimu zaidi kwa watoto wa Ufaransa. Tofauti waliyoiona ni mpangilio wa mtaala: Ufaransa desimali zilikuwa zikifundishwa kabla ya sehemu, ilhali kwingine sehemu zilitangulia. Habari hii iliponifikia nilikaa nayo siku nyingi. Kosa la mtoto lilikuwa limebeba ndani yake mpangilio wa sura za kitabu cha nchi yake.

Kwa hiyo swali langu la mwanzo lilikuwa swali baya, ingawa hesabu yake ni sahihi. Liliwakamata wenye kanuni ya mizani na kuwaficha wenye kanuni ya sehemu. Nililitengeneza upya hivi: ipi ni kubwa kuliko zote, A 0.3, B 0.52, au C 0.417? Mwenye kanuni ya mizani atakwenda C, maana mia nne kumi na saba inazizidi zote. Mwenye kanuni ya sehemu atakwenda A, maana ndiyo fupi. Anayejua thamani ya nafasi za tarakimu atakwenda B, ambayo si fupi kuliko zote wala si ndefu kuliko zote. Kila herufi ina mwenyewe.

Mmeona nimebakisha machaguo matatu. D nimeiondoa kwa sababu katika swali la kwanza ilivuta mtoto mmoja, na sijui mtoto wa namna gani angeifuata. Thomas Haladyna na Steven Downing, mwaka 1993, walihesabu kipotoshi kuwa kimekufa kikivuta chini ya asilimia 5 ya watahiniwa, na wakakuta kwamba maswali mengi ya mitihani yana kipotoshi kimoja au viwili tu vilivyo hai. Mwaka 2005 Michael Rodriguez alikusanya tafiti za miaka 80 na kuhitimisha kwamba machaguo matatu yanatosha kwa maswali mengi. Sisi tunang'ang'ania manne au matano kwa mazoea ya karatasi ya mtihani, kisha tunatumia jioni nzima kutafuta uongo wa nne ambao hakuna mtoto atakayeuamini. Katika majaribio ya darasani hakuna anayetulazimisha. Tuandike vipotoshi viwili vyenye maana na tulale mapema.

Sasa darasa langu la mfano limefanya swali jipya. A imepata 13, B imepata 15, C imepata 22. Ukitazama juu juu utasema hali imeharibika, maana waliopata wameshuka kutoka 24 hadi 15. Lakini chukueni karatasi mbili za kila mtoto mziweke pamoja. Wale 24 waliopata swali la kwanza wamekwenda wapi? Watoto 11 wamechagua B na kupata tena. Watoto 12 wamechagua 0.3. Mmoja amekwenda C. Yaani nusu ya tuliowapigia makofi walikuwa na kanuni ya sehemu muda wote. Na wale 21 wa C ya kwanza, 19 wamerudi C tena. Hao hawakubahatisha hata kidogo. Wanatembea na kanuni yao mkononi.

Jedwali hili la kukutanisha maswali mawili halihitaji kompyuta. Linahitaji karatasi ya mistari, majina upande mmoja, herufi mbili mbele ya kila jina, na dakika 20. Ninalipendelea kuliko asilimia zozote, kwa sababu linamrudisha mtoto mwenye jina mahali pa namba.

Nieleze na mipaka yake, maana nisingependa mwalimu aondoke hapa akiamini kila herufi ni siri iliyofichuka. Darasa la watoto 50 ni dogo, na kundi la 16 ni dogo zaidi. Tofauti ya mtoto mmoja au wawili kati ya wa juu na wa chini si habari, ni upepo tu. Kipotoshi kilichochukua watano kwenye swali moja msikijengee nyumba. Subirini swali la pili lenye umbo lile lile. Pia watoto wanaobahatisha hawabahatishi sawasawa, huelekea zaidi machaguo ya katikati, kwa hiyo mkirudia swali hamisheni herufi.

Kuna jambo jingine ambalo lilinishangaza nilipolisoma. Philip Sadler wa Marekani, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1998 juu ya maswali ya elimu ya anga, alitumia vipotoshi vilivyotokana na mawazo ya wanafunzi wenyewe, kisha akatazama nani anavichagua. Mtu angetegemea kwamba kadiri mwanafunzi anavyojua zaidi ndivyo anavyovikwepa zaidi. Katika baadhi ya maswali haikuwa hivyo. Wanafunzi wa chini kabisa walitawanyika kwenye machaguo yote, wa katikati wakakusanyika kwenye kipotoshi zaidi kuliko wa chini, na ni wa juu tu waliotoka. Kwa swali kama hilo, mtoto anayetoka kwenye kubahatisha na kuingia kwenye kosa lenye kanuni amepiga hatua mbele, hata kama alama yake imeshuka. Nawaomba wazazi mlisikie hili, kwa sababu najua ripoti ikifika nyumbani na alama imepungua maneno huwa makali. Kuna kushuka ambako ndani yake mtoto ameanza kufikiri.

Tena kuna vipotoshi vinavyopima kitu tusichokusudia. Chukueni swali la saa. Mashua ya kwenda Tumbatu imeondoka Mkokotoni saa moja na nusu asubuhi, simu ya nahodha iliandika nini? A 01:30, B 07:30, C 13:30, D 19:30. Aliyechagua 01:30 ameandika alichosikia, na huyo Kiswahili chake kizima. Aliyechagua 13:30 amekariri darasani kwamba moja huongezwa kumi na mbili, ila hakujiuliza asubuhi imekwenda wapi. Aliyechagua 19:30 anajua saa zetu zinapishana na za simu kwa sita, lakini amechukua saa moja ya usiku. Makosa matatu, watoto watatu tofauti kabisa, na wa kwanza hana tatizo lolote la hesabu. Ana lugha mbili zinazohesabu siku kutoka milango miwili. Tukumbuke kwamba Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Basi kila tunapoona kipotoshi kimejaa watu katika madarasa hayo, kabla ya kusema hesabu haikueleweka, tuliulize swali lile lile kwa Kiswahili kwa watoto wachache, kwa mdomo. Wakilipata, tumejua mlango upi umefungwa.

Na hapo ndipo penye hatua ambayo hakuna jedwali linaloweza kuichukua nafasi yake. Mwiteni mtoto. Msimuulize kwa nini amekosea, maana swali hilo linamfunga mdomo, na mtoto wetu aliyelelewa kwa adabu atainamisha kichwa tu. Mwambieni, hebu nisomee namba hizi, halafu unieleze ulivyochagua. Waiteni na waliopata, ili kuitwa kusiwe adhabu. Aliyechagua C akisoma mia nne kumi na saba, mmeshajua. Akisoma sufuri nukta nne moja saba na bado akachagua C, kuna jambo jingine na lazima muendelee kusikiliza. Niliwahi kukutana na mtoto aliyechagua namba ndefu kwa sababu, alivyosema mwenyewe, jibu la mtihani huwa ndilo lililoandikwa kwa wingi. Kanuni yake haikuhusu desimali hata kidogo, ilihusu sisi watungaji, ambao mara nyingi jibu sahihi huliandika kwa maneno mengi kuliko mengine.

Baada ya kuwajua, tufanye nini? Dawa inayotolewa mara nyingi ni kuongeza sufuri: andika 0.3 kuwa 0.300, 0.52 kuwa 0.520, kisha linganisha na 0.417. Inafanya kazi. Kesho yake darasa zima linapata. Lakini angalieni kilichotokea. Tumezipa namba zote tarakimu tatu, tumemrudisha mtoto kwenye mizani ya pweza, na yeye anasoma mia tatu, mia tano ishirini, mia nne kumi na saba, kwa kanuni ile ile ya jana. Kanuni haikuguswa. Tumeisafishia njia tu, na swali letu zuri limekufa, kwa sababu sasa wenye kujua na wasiojua wote wanachagua B.

Mimi huanza na mstari. Nachora chini kwa chaki, kutoka ukuta hadi ukuta, sufuri huku na moja kule, tunaugawa kumi, na mtoto anasimama kwenye 0.3 kwa miguu yake. Halafu nawaambia wenzake wenye 0.417 watafute pao. Anayefuata mizani hukimbilia karibu na moja, anayefuata sehemu hukimbilia karibu na sufuri, na wote wawili wanaonana wakiwa wamepishana na mwenzao aliyesimama kati. Wanabishana. Nawaacha wabishane, na mara nyingi kipande kinachofuata cha kazi kinafanywa na wao.

Kisha, baada ya wiki mbili hivi, nawapa swali ambalo kuongeza sufuri hakulitoshi: kati ya 0.3 na 0.4 kuna namba ngapi? A hakuna, B moja, C tisa, D hazina mwisho. Anayechagua A anahesabu kama namba nzima, tatu kisha nne. Anayechagua C ameongeza sufuri moja, akapata 0.30 na 0.40, akahesabu zilizo kati, akasimama hapo. Kwa huyu wa C mimi hufurahi, kwa sababu tayari ameingia kati ya 0.3 na 0.4, mahali ambapo wa A hajui kwamba pana kitu. Namuomba aingie tena, kati ya 0.31 na 0.32, na ninakaa kimya kumsubiri.